Jinsi ya Kulinganisha Picha za Mpangilio wa Madawati: Kuona Ubao, Kupita na Kufanya Kazi kwa Vikundi

Kila baada ya kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapa Tabora napokea picha za madarasa kutoka kwa walimu wenzangu, wengine wa hapa mjini, wengine wa Urambo na Sikonge, na mara mojamoja kutoka Kasulu upande wa Kigoma. Swali huwa ni lilelile: "Mwalimu, kati ya mipangilio hii miwili, upi ni bora?" Mara nyingi siwezi kujibu, kwa sababu picha ya kwanza imepigwa asubuhi mlangoni darasa likiwa tupu, na ya pili imepigwa mchana juu ya meza ya mwalimu wanafunzi wakiwa wameketi. Picha za namna hiyo zinalinganisha wapigapicha na kuacha mipangilio pembeni.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa kubwa na madawati ya mbao au chuma ambayo benchi lake limeunganishwa na meza, yaani dawati la wanafunzi watatu tunalolijua sote. Mwenye viti na meza zinazotengana anaweza kufuata hatua hizi, ila ana uhuru ambao sisi hatuna, na baadhi ya matatizo nitakayoyataja hayatampata.

Nitatumia maneno mawili kwa maana maalumu. "Mstari" ni madawati yaliyopangwa kutoka dirisha la upande mmoja hadi la upande wa pili, sambamba na ubao. "Safu" ni madawati yanayofuatana kutoka ubaoni kwenda ukuta wa nyuma.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu moja yenye kamera. Tumia simu hiyohiyo kwa picha zote, kwa kuwa simu mbili tofauti hazioni upana sawa.
- Futi ya fundi ya kupimia, au kamba uliyoipigia fundo kila baada ya sentimita 50.
- Rula ya ubaoni ya mita moja.
- Chaki, uzi wa zaidi ya mita moja, na jiwe dogo.
- Karatasi moja ya daftari ambayo pembe zake hazijakunjamana.
- Ruhusa ya mwalimu mkuu. Picha nyingi utazipiga ukiwa nyuma ya wanafunzi, kwa hiyo nyuso hazitaonekana sana. Zile zitakazoonyesha nyuso zibaki kwenye simu yako na zisitumwe kwenye kundi lolote.
- Wanafunzi wenyewe wakiwa wameketi. Darasa tupu hudanganya: njia inayoonekana pana wakati wa likizo huziba kwa mifuko, magoti na viwiko mara darasa linapojaa.

Hatua ya 1: Chora darasa na upime mara moja

Pima urefu na upana wa chumba, kimo cha ukingo wa chini wa ubao kutoka sakafuni, urefu wa dawati moja, na kina chake kuanzia ukingo wa mbele wa meza hadi ukingo wa nyuma wa benchi. Andika vipimo hivyo kwenye ukurasa mmoja. Picha itakuonyesha tatizo lilipo, lakini ni kipimo kitakachokuambia kama linaweza kuondolewa.

Mfano nitakaoufuata ni wa Darasa la Nne katika shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako nilisaidia kupanga. Chumba kilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 6.5. Ubao ulikuwa kwenye ukuta mfupi, na ukingo wake wa chini ulikuwa sentimita 80 kutoka sakafuni. Wanafunzi walikuwa 72 kwenye madawati 24, kila dawati likiwa na urefu wa mita 1.2 na kina cha sentimita 80. Madirisha yalikuwa pande zote mbili ndefu, na mlango ulikuwa karibu na ubao.

Hatua ya 2: Weka alama zisizohama

Kwenye sakafu, piga mstari wa chaki katika umbali wa mita 2, 4 na 6 kutoka ukuta wa ubao. Alama hizi zikionekana katika kila picha, utajua unalinganisha sehemu ileile ya darasa hata kama madawati yamehama. Njia iliyo mbali na kamera huonekana nyembamba kuliko iliyo karibu ingawa upana ni uleule, na walimu wengi hunaswa hapo.

Ubaoni, andika tarakimu tano tofauti: moja katika kila kona, na moja katikati ya ukingo wa chini. Kila tarakimu iwe na kimo cha sentimita 4. Kwa mwanafunzi aliye mita 8 kutoka ubaoni, huo ni ukubwa unaosomeka bila kukaza macho. Tarakimu zifutwe na kubadilishwa kila mpangilio unapobadilika, kwa sababu watoto hukariri upesi kuliko tunavyodhani, nawe utawauliza wasome.

Hatua ya 3: Tafuta kimo cha macho ya mwanafunzi aliyeketi

Waketishe wanafunzi watatu, mfupi, wa wastani na mrefu, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye macho ya yule wa wastani. Katika darasa letu kipimo kilikuwa takriban sentimita 100. Funga jiwe kwenye uzi, kata uzi kwa urefu huo, na ushikize ncha ya juu kwenye simu. Jiwe likigusa sakafu kwa shida, kamera yako iko mahali macho ya mtoto yalipo.

Kifaa hiki kinaweza kuonekana cha kitoto, lakini hakuna hatua nyingine yenye tofauti kubwa kama hii. Mwalimu hupiga picha akiwa amesimama, kamera ikiwa sentimita 150 kutoka chini, na kila mpangilio huonekana mzuri. Shusha simu sentimita 50 tu, na ubao unapotea nyuma ya vichwa.

Hatua ya 4: Piga picha za kila mpangilio kwa utaratibu uleule

Shika simu kwa ulalo. Tumia ukuzaji ulioandikwa 1x. Usitumie 0.5x, ingawa inavutia kwa sababu inaingiza darasa zima: lenzi hiyo huvuta vitu vya pembeni, na njia iliyo kando ya ukuta itaonekana pana kupita ilivyo. Usikuze pia kwa vidole, kwa kuwa ukuzaji husogeza vitu vya mbali karibu na vya mbele, na mistari ya madawati itaonekana imebanana.

Piga picha saa ileile ya siku. Sisi tulichagua saa nne asubuhi kwa mipangilio yote. Kwa kila mpangilio piga hizi:

1. Kona ya nyuma kushoto, kwenye kiti cha mwanafunzi, kwa kimo cha uzi, kamera ikielekea ubaoni.
2. Kona ya nyuma kulia, kwa namna hiyohiyo.
3. Kila njia, ukiwa umesimama mbele ya darasa, rula ya mita ikiwa imelazwa sakafuni kuvuka mahali pembamba kuliko pote. Rula isipoweza kulala kwa sababu imegota miguu ya madawati, iinamishe na upime pengo kwa futi.
4. Kiti kibaya kuliko vyote katika mpangilio huo. Hiki hubadilika kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, na nitaeleza chini jinsi ya kukipata.
5. Kikundi kimoja cha katikati ya darasa kikiwa kazini, kamera ikiwa juu kidogo ya vichwa, ili zionekane mikono na madaftari.

Kwa picha ya kwanza na ya pili, piga tatu badala ya moja: ya katikati, nyingine ukisogeza simu sentimita 20 kushoto, na nyingine sentimita 20 kulia. Mtoto si mlingoti; hujipinda akitafuta upenyo. Kichwa kilicho kwenye dawati la mbele yake tu kinaweza kumfunika takriban mita moja ya upana wa ubao, kwa hiyo kusogea kidogo hubadilisha mambo mengi. Ukipiga moja tu, unaweza kulaumu mpangilio usio na kosa.

Hatua ya 5: Tafuta kiti kibaya

Wengi hudhani kiti kibaya kiko nyuma daima. Katika mpangilio wa mistari ni kweli, lakini katika vikundi mara nyingi kiko mbele.

Jaribu hivi. Keti mahali pa mwanafunzi kifua kikielekea mezani. Weka karatasi ya daftari juu ya meza, ukingo mmoja ukiwa sambamba na kifua chako. Elekeza kidole katikati ya ubao. Kama kidole kimebaki ndani ya pembe ya karatasi, mtoto anageuza shingo chini ya pembe mraba, jambo linalovumilika kwa muda mfupi. Kama kidole kimevuka pembe na kwenda nyuma, mtoto huyo atalazimika kugeuza kiwiliwili kizima, na akiwa amegeuka hawezi kuandika. Hesabu viti vyote vya namna hiyo, kisha upige picha kwenye kilichopita zaidi.

Hatua ya 6: Pima muda kwa picha

Picha moja haionyeshi muda, ila picha mbili zinauonyesha. Piga moja unapotoa agizo la kuunda vikundi na nyingine kikundi cha mwisho kinapokuwa tayari, kisha fungua maelezo ya kila picha kwenye simu usome saa, dakika na sekunde. Tofauti yake ndiyo gharama ya mpangilio huo kila unapotaka vikundi. Hifadhi picha za asili, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida kwa WhatsApp maelezo hayo huondolewa na ubora hushuka. Ukilazimika kutuma, zitume kama faili.

Hatua ya 7: Linganisha jambo moja kwa wakati mmoja

Weka picha za kona ya nyuma kushoto za mipangilio yote pamoja, uzimalize, ndipo uende kwenye kona ya kulia, kisha njia, kisha vikundi. Usitazame mpangilio mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho halafu mwingine, kwa sababu picha moja nzuri ya kwanza itakupofusha usione kasoro za zilizobaki.

Kwa kuona ubao, andika kwa kila kiti ulichokipiga ni tarakimu ngapi kati ya tano zinaonekana wazi, ngapi zinaonekana kwa kujipinda, na ngapi hazionekani kabisa. Kisha mwulize mtoto mwenye kiti hicho azisome. Usihukumu kwa kukuza picha, kwani kamera inaweza kunasa kisichosomeka kwa jicho, na mtoto asiyeona vizuri hatagunduliwa na kamera ya mtu yeyote.

Kwa njia, andika kipimo cha mahali pembamba tu. Wastani wa njia hauna maana, kwa kuwa mtu hukwama mahali pamoja. Sentimita 60 zinamtosha mtu mzima kupita akiwa amenyooka, kati ya 45 na 60 atapita ubavu, na chini ya 45 hakuna njia hata kama picha inaonyesha sakafu. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji angalau sentimita 90. Darasa likiwa naye, njia yake kutoka mlangoni hadi mezani kwake ipangwe kabla ya dawati lolote.

Kwa vikundi, tazama mikono na madaftari. Nani anaandika mezani na nani anaandika magotini? Je, kila mmoja wa sita anaonana uso na angalau watatu? Kuna mtoto aliyegeuza mgongo kwa kikundi chake?

Usijumlishe alama za mambo haya matatu. Mwalimu mmoja aliniletea jedwali lenye alama kumi kwa kila jambo, na mpangilio ulioshinda ulikuwa na dawati lililozuia mlango kufunguka hadi mwisho. Mlango unaozibwa unaufuta mpangilio, na hakuna uzuri wa vikundi unaoweza kulipa deni hilo.

Darasa la Nne: mipangilio mitatu

Mpangilio wa kwanza, ambao tuliukuta, ulikuwa wa safu nne za madawati sita. Safu za pembeni ziliegemea kuta, na zilibaki njia tatu za sentimita 55 kila moja. Kutoka benchi hadi meza ya nyuma yake kulikuwa na sentimita 15. Picha za kona za nyuma zilionyesha tarakimu mbili za juu wazi, na zile tatu za chini hazikuonekana. Kwa kujipinda ilipatikana moja zaidi. Sababu ilikuwa madawati kunyooka kama gwaride: mtoto wa katikati alikaa nyuma ya mtoto wa katikati, vichwa vitano mfululizo. Picha ya njia nayo ilionyesha mifuko ya madaftari sakafuni, na zile sentimita 55 zikawa 40. Kuunda vikundi kwa kugeuza madawati kulichukua dakika 3 na sekunde 40, pamoja na kelele ya miguu ya chuma kwenye saruji iliyosikika hadi darasa la jirani.

Mpangilio wa pili uliunganisha madawati mawiliwili, meza zikigusana na wanafunzi wakitazamana, ubavu wao ukielekea ubaoni. Tulipata vikundi 12 vya wanafunzi sita, vikiwa safu tatu za vikundi vinne. Njia zilikuwa mbili tu, lakini kila moja ilikuwa na sentimita 85, na kati ya kikundi na kikundi kulikuwa na sentimita 40 za kuingilia. Mwalimu wa darasa aliupenda mara moja, na kwa kweli picha yake ya njia ilikuwa nzuri kuliko zote. Vikundi vilikuwa tayari bila kupoteza sekunde, na kila mtoto alikuwa na mahali pa kuweka daftari.

Kisha tukaketi na karatasi zetu. Katika safu ya vikundi iliyo upande wa kushoto, wanafunzi wa dawati la ndani walitazama ukuta wa kushoto, ilhali katikati ya ubao ilikuwa kulia kwao na nyuma ya bega. Upande wa kulia ulikuwa vivyo hivyo. Hesabu ilikuwa rahisi: madawati manane, wanafunzi 24, theluthi moja ya darasa. Na waliokuwa na hali mbaya zaidi ni wale sita wa mbele, takriban mita mbili tu kutoka ubaoni, kwa sababu kadiri unavyokuwa karibu na ubao ndivyo unavyolazimika kugeuka zaidi kuutazama. Picha ya kiti chao, kamera ikielekea kifua kinakoelekea, haikuwa na hata ncha ya ubao.

Mpangilio wa tatu ulibaki na safu nne, ila tulisogeza mistari miwilimiwili. Mstari wa kwanza na wa pili ulitenganishwa kwa sentimita 10, ukaja wa tatu na wa nne vivyo hivyo, kisha wa tano na wa sita. Nafasi iliyopatikana, pamoja na nyingine kidogo kutoka mbele ya darasa, tuliiweka kati ya jozi na jozi, ikawa sentimita 40 ambazo mwalimu anaweza kuingia hadi kwa mtoto wa katikati. Wakati wa kufundisha wote wanatazama mbele. Wakati wa vikundi, wanafunzi wa mstari wa mbele wa kila jozi wanageuka kwenye benchi lao na kutumia meza ya wenzao wa nyuma.

Hili linawezekana kwa dawati lisilo na egemeo pekee. Kama madawati yako yana egemeo, usipoteze asubuhi yako kwa mpangilio huu.

Muda wa kubadilika ulikuwa sekunde 25, lakini picha ya kikundi ilionyesha jambo ambalo hatukulitarajia: wasichana kadhaa walikuwa wamegeuka nusu tu, miguu ikiwa bado upande wa mbele. Walivaa sketi na hawakutaka kurusha miguu juu ya benchi mbele za wenzao, na ni haki yao. Tuliwafundisha wote, wavulana kwa wasichana, kutokea upande wa njia, kuketi mwisho wa benchi wakielekea nyuma, kisha kuteleza ndani mmoja baada ya mwingine. Muda ukapanda hadi sekunde 55, na kila mtoto akawa ameketi sawasawa.

Kasoro ya mpangilio huu ni meza. Watoto sita wanatumia meza moja ya urefu wa mita 1.2 na kina cha sentimita 40, na katika picha tuliona watatu wakiandika magotini. Tukaamua kwamba kila kikundi kiandike kwenye karatasi moja, na kazi inayodai kila mmoja aandike ifanywe baada ya kurudi kutazama mbele.

Tuliuchagua huo wa tatu, tukaongeza mambo mawili. Mifuko ilihamishiwa kwenye rafu iliyo chini ya meza, na njia zikarudi sentimita 55. Ubaoni tulipiga mstari kwa rangi nyeupe, sentimita 30 juu ya ukingo wa chini, na mwalimu haandiki chini yake. Kwa watoto wa nyuma mstari huo ulifanya kazi kubwa kuliko kuhamisha madawati yote, na nakiri kwamba ningekuwa nimeanza nao.

Ningekuwa na wanafunzi 48 ndani ya chumba hichohicho ningechagua wa pili, kwa kuwa safu ya katikati na madawati ya nje yangetosha na asingehitajika mtu kukaa akitazama ukuta. Kwa wanafunzi 72 haiwezekani.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kupiga picha mpangilio mpya siku uliopangwa. Siku hiyo kila dawati liko mahali pake. Subiri siku tatu za masomo, kisha upige tena bila kunyoosha chochote, kwa sababu madawati husogea nyuma kidogo kidogo na mwisho mstari wa mwisho hugota ukutani.

La pili ni kupiga picha watoto wakijua wanapigwa. Hukaa wima, hukusanya miguu na kuficha mifuko. Waache wazoee simu kwanza, au piga katikati ya kazi.

La tatu ni kulinganisha mpangilio wenye wanafunzi 72 na ule uliopigwa siku ya gulio ambapo 15 hawakuja. Andika idadi ya waliohudhuria kwenye kila picha.

Mambo yanapokwama

*Madirisha yanang'aa na ubao ni giza.* Gusa ubao kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga wa ubaoni. Ikiwa ubao wenyewe una mng'ao mweupe upande mmoja, hilo si tatizo la kamera: mwanga wa dirisha unaakisiwa na rangi iliyolainika kwa kufutwa. Piga tena saa nane mchana. Mng'ao ukihamia upande wa pili, viti vinavyoathirika vitabadilika pia, na huwezi kuuondoa kwa kupanga madawati. Ziba dirisha lililo karibu na ubao kwa kitambaa, au ubao upakwe upya kwa rangi isiyong'aa.

*Alama za chaki zimefutika.* Watoto wakifagia kila asubuhi, chaki haimalizi siku mbili. Weka alama ukutani, chini karibu na sakafu, kwa rangi au msumari, na uzirudishie sakafuni kwa futi.

*Picha mbili zinaonekana sawa kabisa.* Rudi kwenye kiti kibaya cha kila mpangilio na upige hapo. Mipangilio inayofanana ikitazamwa mlangoni hutofautiana pembeni. Ikiwa hata hapo hakuna tofauti, chagua ule unaohitaji kusogeza madawati machache zaidi.

*Mwalimu wa zamu ya mchana anapanga kwa namna nyingine.* Chumba kinachotumiwa na madarasa mawili hakiwezi kuwa na mipangilio miwili kwa muda mrefu. Pigeni picha za viti vibaya vya madarasa yote mawili, asubuhi na mchana, na kimo cha uzi kiwe cha wanafunzi walio wafupi zaidi.

*Mvua ikinyesha, vikundi havisikiani.* Picha haziwezi kukuonyesha hili, na chini ya bati lisilo na dari mvua ya Desemba humnyamazisha hata mwalimu. Katika mpangilio wa tatu, waache watazame mbele na waandike hadi mvua ipungue. Katika wa pili, wale 24 watakuwa hawakusikii wala hawakuoni, kwa hiyo kama umeuchagua huo, waonyeshe mapema madawati watakayohamia wakibanana wanne au watano kwa dawati kwa muda huo.